Z ikianza kupanda usikimbilie kusema msukumano umeshinda

Nyinyi mnaoingia mwaka wa pili na mko karibu kufika kwa gesi halisi, kuna swali moja mtakutana nalo tu. Mnapewa grafu ya Z dhidi ya presha, halafu mnaulizwa kwa pointi fulani ni mvutano wa molekyuli ndio umetawala ama ni msukumano. Inakaa rahisi, na nusu ya darasa huandika jibu la kinyume. Nimesahihisha hizi skripti huku Njoro miaka kadhaa sasa na kosa huwa ni lilelile: mtu anaangalia laini inaelekea wapi badala ya kuangalia iko wapi.

Tuanze na Z yenyewe, ile kampresibiliti fakta. Fomula ni Z = PVm/RT, na Vm ni volyumu ya moli moja. Njia rahisi ya kuishika ni hii: chukua volyumu ambayo gesi imechukua kweli, gawanya na ile ambayo gesi bora ingechukua kwa presha na joto hilohilo. Ukipata chini ya 1, gesi imejikunja kuliko ilivyotarajiwa, kwa hivyo molekyuli zinavutana na mvutano umeshinda. Ukipata juu ya 1, gesi inataka nafasi zaidi kwa sababu molekyuli zina mwili na zikisongamana sana zinasukumana, hapo msukumano ndio umeshinda. Nguvu zote mbili ziko kila wakati, Z inakuonyesha tu salio baada ya kuzijumlisha.

Sasa chukua CO2 kwa nyuzi 40 za selsiasi. Nimechagua 40 makusudi, kwa sababu joto lake la kritiko ni kama 31, ukienda chini ya hapo gesi itageuka majimaji katikati ya grafu na laini itaanguka wima, na hiyo ni stori ingine. Kwa nyuzi 40, ukiwa bar 50 Z ni kama 0.75. Ukifika bar 100 imeanguka mpaka 0.27 hivi. Ukienda bar 200 imepanda ikawa 0.40, na inaendelea kupanda hivyo polepole.

Swali la mtihani: kwa bar 200, nani ametawala? Wengi wanaona laini imeshapita bonde, inapanda, basi wanaandika msukumano. Hapana. Hebu tuhesabu. RT kwa joto hilo ni 0.08314 × 313.15, yaani 26.04 ukitumia lita na bar. Gesi bora kwa bar 200 ingechukua 26.04/200, ambayo ni lita 0.130 kwa moli. CO2 yenyewe imechukua 0.052. Gesi imekaa kwa nafasi isiyofika hata nusu ya ile ilitakiwa kukaa, sasa utaniambiaje ni msukumano umeshinda?

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Lakini mwalimu, si kuna kitu kimebadilika hapo kwa bonde?" Ndio, kimebadilika, na ni vizuri ukielewa ni nini. Kutoka bar 100 hadi 200 presha imeongezeka mara mbili lakini volyumu imetoka 0.070 ikaja 0.052 tu. Molekyuli zishakaribiana sana, kuzisongeza zaidi ni kazi, msukumano unakua haraka kuliko mvutano. Hicho ndicho mteremko unakuambia, nani anaongezeka kwa kasi. Ni kama deni la Fuliza, ukilipa kidogo deni linashuka lakini bado uko chini ya sifuri, hakuna mtu atakwambia una pesa. CO2 kwa nyuzi 40 inakuja kulipa deni yote karibu na bar 600, hapo ndio Z inafika 1, na kuanzia hapo kwenda mbele ndio unaweza kuandika msukumano.

Na hiyo 1 nayo ina mtego wake. Hewa ya kawaida kwa 300 K, yaani nyuzi 27, ile joto ya Kisumu jua likishaanza kukasirika, ina Z ya 0.990 kwa bar 60, inakuwa 0.993 kwa bar 100, kisha 1.007 kwa bar 150 na 1.033 kwa bar 200. Kwa hivyo mahali fulani kati ya 100 na 150 inakata laini ya 1. Ukiulizwa kwa hiyo pointi usiandike eti gesi imekuwa bora. Imekuwa na mvutano na msukumano zinazolingana zikafutana, na ukibadilisha joto kidogo tu huo usawa unahama. Gesi bora ya kweli unaipata kwa presha ikikaribia sifuri, ambapo molekyuli ziko mbali sana hakuna anayemjali mwenzake. Kwa wale wanajaza silinda za hewa za zimamoto mpaka bar 200, hiyo 1.033 maana yake silinda inabeba hewa pungufu kama asilimia 3 kuliko hesabu ya gesi bora inavyosema.

Angalia pia skeli ya mhimili wa Z kabla hujasema kitu. Grafu ya hewa ikianza 0.98 bonde litaonekana kubwa kama la CO2, na kumbe ni asilimia moja. Chukua rula, chora laini ya Z = 1 mwenyewe kama hawajachora, halafu usome juu ama chini.

Mahali pekee mteremko unakupa jibu moja kwa moja ni mwanzo kabisa, presha ndogo, kwa sababu hapo gesi zote zinatokea 1. Ikianza kwa kushuka ni mvutano, ikianza kwa kupanda ni msukumano. Haidrojeni kwa joto la kawaida huanza kwa kupanda, na watu hukariri eti haina mvutano. Iko nao, ni mdogo tu. Ipoze chini ya 110 K hivi, ambayo ndio joto lake la Boyle, na utaona nayo inachimba bonde. Naitrojeni joto lake la Boyle ni kama 327 K, ndio maana kwa joto la chumba bonde lake ni dogo hivyo.

Mtu akitaka kuona hizo nguvu mbili zikiwa zimetenganishwa, van der Waals inasaidia:

```
Z = Vm/(Vm - b) - a/(R*T*Vm)
```

Kwa CO2 a, ile ya mvutano, ni 3.64 na b, ile ya mwili wa molekyuli, ni 0.0427, kwa lita, bar na moli. Weka Vm ya bar 50, ambayo ni 0.389. Sehemu ya kwanza inatoka 1.12, yaani msukumano umeongeza 0.12, na ya pili inatoa 0.36. Unabaki na 0.76, karibu kabisa na ile 0.75 ya kipimo, na unaona wazi nani mkubwa. Lakini usiibebe mpaka bar 200. Ukiweka 0.0524 hapo Vm imekaribia b, sehemu ya kwanza inaruka mpaka 5.4, ya pili 2.7, na unapata Z ya 2.7, wakati kipimo kinasema 0.40. Mlinganyo utakuambia msukumano umeshinda pahali gesi yenyewe inasema mvutano. Kama swali limekupa Vm iliyopimwa, tumia PVm/RT moja kwa moja, na kama ni presha ya atm basi R iwe 0.08206, si 8.314.