Asubuhi 320, jioni 400
"Nina pumu. Kila siku kipimo cha kupuliza kinasoma 320 asubuhi na 400 jioni. Kimeharibika?"

Sidhani, ndugu. Hakipimi ukubwa wa mapafu, bali kasi ya juu kabisa ya pumzi unayoitoa kwa nguvu, kwa lita kwa dakika. Kwenye pumu, misuli ya njia za hewa hukaza zaidi kuelekea alfajiri; njia zikibana, kasi inashuka. Tofauti yako ni 80. Gawa kwa wastani wa 360, unapata 22%. Kwa mtu mzima, wastani wa asilimia hiyo kwa wiki mbili ukizidi 10%, njia zinabana kupita kiasi: mwoneshe daktari. Ila puliza mara tatu, andika ya juu. Midomo isiyobana vizuri nayo hushusha namba. Ikishuka chini ya nusu ya rekodi yako bora, vuta dawa ya dharura, wahi hospitali.