Handaki chini ya uchochoro: ukuta utapasuka?

"Nyumba yetu Mkomani, Lamu, ni ya matumbawe na chokaa. Likichimbwa handaki la maji taka chini ya uchochoro, ukuta unaoanzia mita 2 kutoka katikati utapasuka?"

Ndugu yangu, inategemea udongo unaopotea. Mchanga huingia mbele ya mashine na kwenye mwanya nje ya saruji ya handaki, na juu ardhi hutitia kama sinia pana.

Tuchukue handaki la kipenyo cha mita 2, kitovu kikiwa mita 6 chini, kwenye mchanga. Ukipotea udongo wa asilimia 2 ya eneo la mkato wa handaki, ni mita za ujazo 0.063 kwa kila mita ya handaki. Hapa chini, i ni umbali kutoka katikati hadi penye mteremko mkali zaidi, na S ni mtitio wa katikati; 0.35 ni ya mchanga, na 2.5 ni ya umbo la sinia.

```
i = 0.35 × 6 = 2.1 m
S = 0.063 / (2.5 × 2.1) = 0.012 m
```

Katikati patatitia milimita 12. Umbali wa i, mita 2.1, ndipo mteremko ni mkali zaidi, takriban 1 kwa 290: tarajia nyufa ndogo za lipu. Upotevu ukifika asilimia 4, mteremko hufika 1 kwa 145, na hapo ndipo nina hofu.

Ukuta wenu uko karibu wote nje ya i, ambako ardhi hupinda mgongo juu. Ufa huanzia juu ya ukuta, mpana juu na mwembamba chini, kwani chokaa haistahimili kuvutwa. Dai mwanya ujazwe saruji mara moja, na vipimo vya usawa vichukuliwe kabla ya kuchimba. Maji yakipampiwa nje, mtitio huenea mbali kuliko hesabu hii.