Maswali na majibu: Posho, maji na mgomo wa mafundi wa makaburi ya Firauni

"Shuleni tuliambiwa makaburi ya Mafirauni yalijengwa kwa mijeledi na watumwa. Sasa mtumwa anapewaje nyumba na posho?" (Msomaji, Tanga)

Mafundi ninaowazungumzia hawakuwa watumwa. Walikuwa waajiriwa wa Firauni: wachonga miamba, wapiga lipu, wachoraji na makarani. Kazi walirithishana baba kwa mwana kwa takriban miaka 400, na waliishi na wake na watoto wao katika kijiji ambacho leo kinaitwa Deir el-Medina, ng'ambo ya magharibi ya Mto Naili, mkabala na mji wa Luksor. Piramidi za Giza hazihusiki hapa, kwa sababu zilishasimama zaidi ya miaka 1000 kabla yao. Hawa walichimba makaburi ndani ya mwamba katika Bonde la Wafalme.

Watumwa walikuwepo, lakini ndani ya kijiji: wanawake wa serikali waliopangiwa zamu ya kusaga nafaka za mafundi. Fundi mwenyewe alikuwa na mali, alishtaki na kushtakiwa, na aliweza kuandika barua ya malalamiko kwa waziri. Haya tunayajua kwa maneno yao wenyewe. Walizoea kuandika kila kitu kwenye vipande vya mawe ya chokaa na vigae, kuanzia madeni na mahudhurio hadi orodha za nguo zilizopelekwa kwa dobi. Mwaka 1949 na 1950 wachimbuaji walitoa vipande kama 5,000 kutoka shimo moja tu kando ya kijiji.

"Walilipwa nini hasa, na je, kilitosha?" (Msomaji, Mwanza)

Walilipwa nafaka, maana sarafu hazikuwepo. Kipimo chao kiliitwa khar, nacho kilibeba lita 77 hivi, yaani karibu madebe manne ya kwetu. Enzi za Mafirauni walioitwa Ramsesi, fundi wa kawaida alipaswa kupata khar 4 za ngano kwa mwezi, za mkate, na khar 1.5 za shayiri, za kupikia pombe. Msimamizi alipata 5.5 na 2. Ukiangalia tofauti hiyo utaona kwamba bosi hakuwa mbali sana na watu wake. Posho ilitakiwa kufika siku ya 28 ili itumike mwezi unaofuata.

Juu ya nafaka serikali iliwaletea samaki, mboga, kuni, vyungu na maji, na mara kwa mara mafuta na nguo. Chakula kilipofika kamili, familia ilikula na kubakiza cha kubadilishana sokoni. Bei walizihesabu kwa uzani wa shaba wa gramu 91 hivi. Khar moja ya nafaka ilithaminiwa kwa uzani kama 2, na jozi ya makubadhi vilevile. Fundi mwenye mkono mzuri aliongeza kipato kwa kazi za pembeni siku za mapumziko, akiwachongea majirani majeneza, sanamu na vitanda.

Kwa hiyo hali yao ilikuwa afadhali kuliko ya wakulima wengi wa bondeni. Lakini mkulima alikuwa na shamba. Fundi hakuwa na pa kuvuna, na posho ikichelewa ghala lake la chini ya sakafu lilikuwa ndilo kimbilio pekee.

"Nyumba zilikuwaje? Na maji walichota wapi ilhali kule ni jangwa?" (Msomaji, Mombasa)

Ndani ya ukuta wa kijiji kulikuwa na nyumba kama 68, zimebanana kuta kwa kuta, na njia nyembamba katikati. Zilikuwa za matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe. Ukiingia unakutana na chumba cha mbele chenye jukwaa la matofali pembeni, linalodhaniwa kuwa la ibada za nyumbani. Unapita chumba cha pili kilichoinuka zaidi, chenye nguzo ya mti na baraza ya kukalia, na hapo ndipo wageni walipokaribishwa. Nyuma kuna chumba kimoja au viwili vidogo, halafu jiko lisilo na dari kamili ili moshi utoke, tanuri la mkate, ngazi ya kupandia darini na shimo la kuhifadhia chakula. Nyumba nzima ilikuwa kama meta za mraba 70, na familia yenye watoto wengi iliishi humo.

Kisima hakikuwepo. Maji yalipanda kutoka bondeni kwa punda, kila siku, yakamiminwa kwenye hodhi kubwa karibu na lango la kaskazini, na kila kaya ikagawiwa sehemu yake. Palikuwa na kikosi kizima cha watu wa huduma waliosajiliwa kwa ajili ya kijiji: wabeba maji, wavuvi, wakata kuni, wafinyanzi, madobi. Usipoelewa jambo hili hutaelewa mgomo. Mahali pale serikali ilikuwa imeshika hata kata ya maji.

"Fundi akiugua ilikuwaje? Aliachishwa kazi?" (Msomaji, Nairobi)

Hospitali haikuwepo, ila mgonjwa alibaki nyumbani, karani akaandika sababu, na posho ya kijiji ikaendelea kuja. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna bamba la jiwe la chokaa lililoandikwa pande zote mbili. Ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa utawala wa Ramsesi wa Pili. Majina 40 yamepangwa kulia, na mbele ya kila jina kuna tarehe za kutokuwepo, na juu yake sababu kwa wino mwekundu. Seba ameumwa na nge. Huynefer anaugua jicho. Wengine wanazika ndugu, wanapika pombe ya sikukuu, au mke ama binti yuko hedhini.

Jina la kulitazama ni Paherypedjet. Siku nyingi hakufika kazini, lakini hakuwa mgonjwa: alikuwa akikaa na wagonjwa na kuwatayarishia dawa, siku moja ya mke wa karani. Ndiye alikuwa tabibu wa kikosi, fundi kama wenzake anayeruhusiwa kuacha patasi ili awahudumie, na mtu wa nafasi hiyo alipewa nyongeza ndogo ya nafaka. Kulikuwa pia na mganga wa nge, naye akitambuliwa rasmi kama tabibu.

Macho yaliwasumbua mno. Vumbi la chokaa, giza la kaburini na moshi wa taa havikuwa na huruma. Mchoraji mmoja, Pay, alimwandikia mwanawe kwenye kigae akisema yumo gizani, akimwomba asali ya kutia machoni, udongo mwekundu na wanja halisi, na akamsisitiza afanye haraka: je, mimi si baba yako? Miongoni mwa vyote vilivyookotwa pale, hicho ndicho kinachonigusa kuliko vingine, kwa sababu mchoraji asiyeona hana kazi tena, na aliyekimbiliwa hapo hakuwa Firauni, alikuwa mtoto.

"Tueleze mgomo wenyewe ulivyokwenda. Hawakupigwa?" (Msomaji, Kigoma)

Hakuna kumbukumbu ya kupigwa, na hilo ni la kushangaza. Habari zimo kwenye karatasi ya mafunjo iliyoko Torino, Italia, inayoaminiwa kuwa ya karani wa kijiji Amennakht. Ni mwaka wa 29 wa Ramsesi wa Tatu, katika miaka ya 1150 kabla ya Kristo.

Dalili zilianza miezi kadhaa kabla. Posho ilichelewa siku 20, na Amennakht mwenyewe akaenda kwenye hekalu la Horemheb akapata khar 46. Kiraka hicho hakikudumu. Siku ya 10 ya mwezi wa sita, mafundi waliacha kazi, wakavuka vizuizi vitano vya walinzi wakisema, "Tuna njaa, siku 18 zimepita," wakaenda kukaa nyuma ya hekalu la Thutmosi wa Tatu. Kesho yake walisogea hadi kwenye lango la hekalu kubwa la Ramsesi wa Pili, na siku iliyofuata wakaingia ndani.

Waliteua mahali kwa akili. Mahekalu hayo ndiyo yaliyokuwa na maghala ya nafaka. Maneno yao yaliandikwa: wamefika hapo kwa njaa na kiu, hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga, basi Firauni aandikiwe, na waziri, mkuu wao, aandikiwe, wapate riziki. Makuhani walisikiliza, na posho ya mwezi uliopita ikatolewa. Hata mkuu wa polisi, Mentmose, aliwashauri wafunge milango, wachukue wake na watoto, naye awaongoze kwenda kukaa kwenye hekalu la Seti.

Mwezi ulipogeuka tatizo likarudi, na sasa malalamiko yakabadilika. Walisema hawakuvuka vizuizi kwa njaa tu, bali kuna uovu unaotendeka katika mahali hapa pa Firauni. Waziri Ta alipopita akielekea kaskazini kushughulikia jubilei ya mfalme, hakufika kwao. Aliwatumia ujumbe kwamba yeye si waziri wa kunyang'anya, maghala yenyewe ni matupu, atawapa alichokipata. Ikatoka nusu ya posho.

Msimamizi Khonsu akawaambia wapokee, kisha washuke gatini kumfuata waziri. Amennakht akawazuia, akisema wakienda atawashtaki mahakamani. Wapo wanaomwita msaliti. Mimi naona alikuwa amebanwa katikati: anawatetea kwa kalamu, lakini anaogopa kikosi kizima kumvamia waziri gatini. Siku chache baadaye walivuka tena, wakakaa nyuma ya hekalu la Merneptah, na meya wa mji alipopita wakampigia kelele. Aliwapa khar 50 za ngano za kujikimu. Gawanya kwa kila mtu 4 uone: ni posho ya watu 12 tu. Na hizo zenyewe zilimletea mashtaka, kwamba amechukua sadaka za hekalu la Ramsesi wa Pili kuwalisha wagomaji.

"Baada ya hapo mambo yalitengemaa?" (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Ucheleweshaji na migomo iliendelea chini ya Mafirauni waliofuata, na baadhi ya wanakijiji walijikuta wakituhumiwa kuiba makaburini. Mwisho, katika utawala wa Ramsesi wa Kumi na Moja, kijiji kilihamwa na familia zikajihifadhi ndani ya kuta za hekalu la Medinet Habu. Karani wa wakati huo alikuwa Thutmose, wa uzao wa Amennakht. Mwaka wa 12 wa mfalme huyo alisafiri kwa mashua kusini mwa mji, akikusanya nafaka za kodi kutoka kwa wakulima, kiasi kidogo hapa na pale, akiandika kila alichopokea, ili mafundi wapate kula.