Mkate hauna kodi, embe hazina kodi: mbona ziko majedwali mawili?

"Naoka mkate Malindi, shemeji yangu anauza embe. Sote tunaambiwa bidhaa zetu hazina VAT. Mbona sheria imeniweka Jedwali la Pili na yeye Jedwali la Kwanza? Na ile asilimia 8 ni ya nani?"

Ndugu, mnunuzi akisimama dukani haoni tofauti yoyote. Tofauti iko nyuma ya tanuri, kwenye kodi unayolipa wewe unaponunua vitu vya kazi.

Nimeweka hesabu za mwokaji mmoja hapahapa Malindi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakuonyesha kwa mwezi wa mfano. Tuseme ameuza mikate 16,000 kwa shilingi 50, jumla 800,000. Unga wa ngano hauna kodi, maana nao uko kiwango cha sifuri. Lakini mifuko ya kufungia, umeme na fundi wa tanuri vimemgharimu 200,000, na juu yake kodi ya asilimia 16, yaani 32,000.

Mkate wa kawaida uko Jedwali la Pili, kiwango cha sifuri. Maana yake kisheria ni kwamba mkate unatozwa kodi, ila kiwango chake ni 0. Kwa kuwa unatozwa, mwokaji aliyesajiliwa ana haki ya kudai zile 32,000. Kodi yake ya mauzo ni sufuri, ya manunuzi ni 32,000, basi KRA ndiyo inayodaiwa.

Sasa uhamishe mkate huohuo Jedwali la Kwanza, la msamaha, walipo shemeji yako na embe zake mbichi. Bei dukani bado haina kodi, lakini mlango wa kudai umefungwa. Zile 32,000 zinakuwa gharama. Gawanya kwa mikate 16,000: shilingi 2 kila mkate. Ama utazibeba mwenyewe ama utapandisha bei. Ndiyo sababu nakasirika nikisikia watu wakisema bidhaa imehamishwa kutoka sifuri kwenda msamaha "na bado haina kodi". Ina kodi, imefichwa tu ndani ya bei.

Shemeji yako naye ana nafuu moja: mauzo ya msamaha hayahesabiwi kwenye kile kiwango cha shilingi milioni 5 kwa mwaka kinacholazimisha usajili. Anayeuza embe mbichi peke yake hana haja ya kujaza ritani ya kodi hii. Ila kodi ya makreti yake harudishiwi kamwe. Na akianza kukamua embe na kuuza juisi ya chupa, hiyo si mbichi tena. Inaingia asilimia 16.

Asilimia 8 ni jambo jingine. Hapo mnunuzi analipa, na muuzaji anadai. Mkate wako ungekuwa huko ungeuzwa 54. Ungekusanya 64,000, utoe 32,000 zako, upeleke 32,000. Kwetu kiwango hicho kilikuwa cha mafuta ya petroli na dizeli kuanzia Septemba 2018, mpaka Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoyarudisha asilimia 16. Kilichowachanganya wengi ni kwamba mafuta hayo yalikuwa yameorodheshwa Sehemu B ya Jedwali la Kwanza, jedwali lilelile la msamaha. Kwa hiyo usisome jedwali peke yake. Rudi kifungu cha 5 cha Sheria ya VAT, kinachotaja viwango.

Na Sheria ya Fedha yenyewe haikuandikii orodha upya. Inasema tu "futa aya fulani". Ukiona bidhaa imefutwa Jedwali la Pili, tafuta kama imeingizwa la Kwanza. Ikiwa haimo kokote, imeangukia asilimia 16, hata kama neno "kumi na sita" halikuandikwa popote.

Kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya liko kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa kutoa risiti, ambako kila bidhaa hupewa herufi ya kodi yake. Herufi A ni msamaha, B ni asilimia 16, C ni sifuri, E ni asilimia 8. Niliusajili mkate kwa A, kwa kuwa risiti ilitoka na kodi 0.00 na nikaridhika. Miezi miwili baadaye, nikijaza ritani kabla ya tarehe 20, niliona salio la kudai halikuongezeka hata senti. Mauzo yote yalikuwa yamekaa mstari wa msamaha, na manunuzi yakawa hayana cha kushikia. Ilibidi nibadilishe herufi na kurekebisha ritani zote mbili.

Basi leo fungua orodha ya bidhaa zako: mkate wa kawaida uwe C, keki na biskuti ziwe B. Ukiamua kuuza na embe za shemeji hapo dukani, hizo A, na kuanzia siku hiyo kodi ya umeme wa duka utaidai kwa sehemu, kulingana na mauzo yanayotozwa. Mauzo hayo yakizidi asilimia 90 ya yote, unaruhusiwa kudai yote. Yakiwa chini ya 10, hudai kitu.