Gonga bomba asubuhi baada ya mvua

Nyumba yetu iko Igombe, Mwanza, juu kidogo ya Ziwa Victoria. Tulipofunga tanki la lita 5,000 kuvuna maji ya bati, fundi alituwekea na bomba la kutupa maji ya kwanza. Kwa hiyo nilikuwa na amani. Mwisho wa vuli nikafungua kifuniko cha tanki, nikamulika na tochi. Chini kulikuwa na tope jeusi lenye harufu, na juu yake mabawa madogo madogo ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. Bomba lilikuwepo, lakini uchafu ulikuwa umeingia wote.

Bomba lile linafanya kazi hivi. Maji yanatoka kwenye gata kuelekea tanki. Kabla hayajafika tanki kuna tii, kiungio cha njia tatu, na mguu wake unaelekea chini kwenye bomba lililosimama ukutani, limezibwa mwisho wake. Mvua ikianza, maji yanaingia kwanza kwenye bomba hilo, yakiwa yamebeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Likijaa, maji yanayofuata hayana pa kushuka tena, yanapita juu kuelekea tanki. Ndani unawekwa mpira wa plastiki unaoelea: bomba likijaa, mpira unapanda na kuziba mdomo ili maji machafu yasichanganyike na masafi yanayopita juu. Chini kabisa panatobolewa kitundu kidogo, maji machafu yadondoke taratibu na bomba liwe tupu kabla ya mvua nyingine.

Kosa letu lilikuwa la ukubwa. Bomba lilikuwa la inchi 4, urefu mita moja na nusu. Nilipomuuliza fundi kama linatosha alisema, "Mama, hilo linatosha nyumba yoyote." Hakuna bomba linalotosha nyumba yoyote. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja. Paa letu linafunika mita 10 kwa 8, ukipima chini kuanzia ukingo wa bati upande huu hadi upande wa pili. Mteremko wa bati usiuhesabu, kwa sababu mvua inahesabiwa kwa eneo la chini. Hizo ni mita za mraba 80, yaani kila milimita ya mvua inaleta lita 80. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo letu lilishika lita 12 tu. Halikufika hata ndoo moja ya lita 20.

Kiasi cha mvua ya kumwaga kinachotajwa mara nyingi ni nusu milimita hadi milimita mbili, kutegemea uchafu wa paa. Mimi niliamua kulipima la kwangu. Mvua ilipokuja baada ya siku nane za jua, nilichomoa bomba linalotoka kwenye gata, kabla ya tii, nikakinga ndoo moja baada ya nyingine, na kutoka kila ndoo nikachota glasi nikaipanga barazani. Glasi ya kwanza ilikuwa kama chai ya rangi, na mabawa yanaelea. Ya pili ilikuwa imefifia lakini bado ina chenga. Ya tatu ilikuwa na ukungu ambao unauona ukiiweka mbele ya karatasi nyeupe. Ya nne ilikuwa safi. Kwa hiyo ndoo tatu, lita 60, ndizo zinazoliosha paa letu. Jirani mwenye mti juu ya bati, wanapotua korongo na kunguru, atahitaji zaidi.

Lita 60 kwa bomba la inchi 4 ni zaidi ya mita saba, na ukuta hauna urefu huo. Tuligawa kazi. Gata ya mbele ikapata bomba lake na ya nyuma lake, yote ya inchi 6, ambayo yanabeba kama lita 18 kwa mita. Kila moja lina mita 1.7, kwa hiyo linashika lita 30. Juu pana redyusa, kiungio kinachopunguza upana kutoka inchi 6 kwenda 4, na ili mpira uzibe hapo lazima uwe mpana kuliko inchi 4 lakini upite kwa urahisi ndani ya bomba. Asiye na mabomba makubwa anaweza kutumia pipa la lita 60 lenye kifuniko kinachobana, kazi ni ile ile. Kitundu cha chini tulikitoboa milimita 2, na bomba linaisha maji kwa muda usiozidi saa mbili. Chini yake naweka ndoo, maji hayo yanakwenda kwenye migomba.

Kitundu hicho ndicho kinachosumbua. Kikizibwa na jani au tope, bomba linabaki limejaa, na mvua inayofuata inapita moja kwa moja na uchafu wake kwenye tanki. Kwa macho huoni chochote. Kwa hiyo asubuhi baada ya mvua nagonga bomba kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu. Likiwa tupu linalia wazi kama debe. Likiwa na maji mlio unakuwa mzito, na unasikia kabisa maji yameishia wapi. Mlio ukiwa mzito nafungua kifuniko cha kuzungusha cha chini, namwaga tope, nazibua kitundu kwa waya. Usikubali fundi akigandishe kifuniko hicho kwa gundi.

Bomba haliwezi kurekebisha paa baya. Bati la mabati au la aluzinki linafaa, na jua la mchana likilichoma linaua vijidudu vingi. Bati likiwa jipya, mvua za mwanzo zimwage zote, maana maji yake huwa na ladha ya chuma. Kutu yenyewe si sumu ya kuogopesha, ila mashimo yake yanashika uchafu. Hatari ni rangi ya zamani yenye madini ya risasi, au vipande vya risasi vilivyozibia maungio ya paa: maji ya mvua huyeyusha risasi, nayo hutoka tangu mvua inaanza hadi inaisha, si mwanzoni tu. Paa kama hilo usilikingie maji ya kunywa. Paa la nyasi pia linatoa rangi muda wote wa mvua. La asbesto usilisugue wala kulikata, kwa sababu vumbi lake likivutwa ni hatari kwa mapafu.

Hata kwa bati zuri, kinyesi cha ndege huweza kubeba vijidudu vya kampilobakta na salmonela, na vichache vitapita. Maji ya kunywa tunayachemsha.

Mvua ya kwanza kabisa baada ya kiangazi cha Juni hadi Septemba siikingi; nachomoa bomba la tanki iende yote shambani. Kabla yake nafungua mabomba yote mawili nikague. Mwaka jana mpira wa bomba la nyuma ulikuwa umepasuka, umejaa maji, umelala chini kabisa juu ya kitundu. Nilinunua mwingine Kirumba, nikauacha usiku kucha kwenye beseni nione kama unaelea mpaka asubuhi, ndipo nikauingiza.