Zawadi kwa mtoto anayependa wanyama: jaribu sahani ya maji ya ndege

"Binti yangu ana miaka 8, anapenda wanyama kupita kiasi. Tumepanga hapa Dodoma na mwenye nyumba hataki mnyama wa aina yoyote, hata sungura. Midoli na vitabu vya wanyama anavyo vya kutosha. Siku yake ya kuzaliwa ni Septemba. Nimpe nini?"

Mkuu, mpe sahani ya udongo ya kuwekea ndege maji, na daftari lake. Mimi nilimpa mwanangu tukiwa tumepanga Nkuhungu, na katika zawadi zote alizowahi kupata hiyo ndiyo aliyoihudumia mwenyewe kila asubuhi bila kukumbushwa.

Septemba ni mwezi mzuri mno kwa hili. Mvua zetu huisha Aprili, na ikifika Septemba madimbwi yameshakauka kitambo. Ndege wanaokula wadudu au matunda hupata maji ndani ya chakula chao. Wanaokula mbegu kavu hawapati, kwa hiyo lazima wanywe kila siku. Hao ndio watakaokuja kwenu: tetere, shomoro, na wale vindege vidogo vya buluu vinavyookota mbegu za majani chini.

Tafuta sahani pana ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua inafaa. Isiwe imepakwa rangi ya kung'aa, maana ndege anahitaji kukanyaga pasipoteleza. Udongo usiopakwa rangi hutoa jasho kama mtungi, maji yanabaki na ubaridi hata saa nane mchana. Beseni la plastiki linateleza na maji yake yanapata moto. Kina kisizidi vidole viwili. Weka jiwe bapa katikati, lichomoze juu ya maji, ili vile vidogo visimame hapo na nyuki aliyeanguka apate pa kupandia.

Mahali pa kuiweka ndipo penye kazi. Ndege akishalowa haruki vizuri, kwa hiyo anataka aone pande zote na awe na tawi la kukimbilia karibu. Hatua tatu au nne kutoka kwenye mwarobaini au mti wowote panatosha. Usiisogeze hadi kwenye kichaka au rundo la matofali, paka wa jirani atajificha hapo hapo. Ukiona ndege wanatua mtini, wanatazama chini kisha wanaondoka, jua kuna kitu kinawatisha: isogeze kidogo, kisha uiache itulie. Kwetu siku za mwanzo hakuja hata mmoja. Tetere ndio waliotangulia, na wengine walipowaona wanakunywa nao wakashuka.

Mwenye nyumba wako atauliza habari za mbu, na ana haki. Kwa joto letu yai la mbu huchukua wiki moja au zaidi kidogo hadi kuwa mbu anayeruka. Ukimwaga maji yote kila asubuhi, ukasugua kwa brashi bila sabuni na kujaza mapya, hakuna kiluwiluwi atakayekua. Maji ya zamani mwagia ua. Kusugua kunaondoa pia kinyesi, kinachoweza kuambukiza ndege wengine. Mtoto anawe mikono kwa sabuni akimaliza, na akikuta ndege aliyekufa asimguse.

Sasa daftari. Usimwanzishie na majina, mwanzishie na swali: huyu anakunywaje? Tetere huzamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa. Shomoro huchota kidogo, anainua kichwa maji yashuke kooni, anainama tena. Mwanangu alipoona tofauti hiyo akaanza kumchunguza kila anayetua, na kuandika saa aliyokuja. Baadaye akagundua kwamba baadhi ya vile vya buluu vina doa jekundu shavuni na vingine havina; wenye doa ni madume. Mambo ya namna hii mtoto wa miaka 8 anayaona kwa macho yake, akikaa kimya dirishani. Darubini inaweza kusubiri. Zile za kuchezea zinaonyesha ukungu tu na zitamkatisha tamaa.

Nafaka sikushauri. Uwele na mtama ukimwagwa uani huleta panya, na hapo mwenye nyumba atakuwa na la kusema.

Na tafadhali, mtu akikuletea cherero kwenye kizimba, wale wa kijani wenye kichwa cheusi na shingo ya njano, usinunue hata kama anasema bei ni ya bure. Asili yao ni hapa hapa Tanzania, na kukamata ndege pori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wapo maeneo haya ya kati, nao ni wala mbegu. Sahani ikiwa safi wanaweza kuja wenyewe.

Mvua zikianza Desemba wageni watapungua, maji yatakuwa kila mahali. Mwambie binti mapema, asije akadhani wamemkimbia.