Saa 15 za chekechea: majibu kwa wanafunzi wenye watoto waendao Uingereza

Tangu nirudi Kigoma kutoka masomoni, wazazi wengi wa hapa na wa Tabora huniuliza kuhusu kulea mtoto mdogo huku wakisoma Uingereza. Nayajibu maswali matano kwa kufuata taratibu za England peke yake, kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Shikamoo mama. Nimepata nafasi ya uzamivu na nina binti wa miaka miwili na nusu. Mume wangu ana kazi hapa Tabora na hataki kuiacha. Naweza kwenda na mtoto peke yangu? (Isevya, Tabora)

Marahaba mwanangu. Uzamivu unakufungulia mlango, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani hawaruhusiwi tena kuleta wategemezi, isipokuwa wanaosomeshwa na serikali. Ugumu wako uko kwa mume. Mtoto wa mwanafunzi hupewa viza endapo wazazi wote wawili wanakwenda au tayari wako kule, na kubaki kwa baba Tabora, hata akiandika barua ya ridhaa na kuipiga muhuri kwa wakili, hakutimizi sharti hilo. Wanaosamehewa ni wachache: mzazi aliyefiwa na mwenzake, mzazi anayethibitisha kwamba analea na kuamua mambo yote ya mtoto peke yake, au mwenye sababu nzito ya pekee inayokubalika. Ndoa yenu iko hai na baba anachangia malezi, kwa hiyo usijaribu kuandika kwamba unalea peke yako. Uongo wa namna hiyo ukigundulika unaweza kukufungia milango ya viza kwa miaka.

Kaeni mzungumze kabla ya kulipa ada yoyote. Mkiamua kwenda wote watatu, kwa viwango vya mwaka 2025 kila mtegemezi nje ya London alihitaji kuonyeshewa pauni 680 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani pauni 6,120, na fedha hizo zilitakiwa zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Juu yake kila mmoja hulipia huduma ya afya pauni 776 kwa mwaka, na malipo hayo hudaiwa mapema kwa muda wote wa viza.

Dada, nasikia mtoto akitimiza miaka mitatu serikali ya kule inamlipia chekechea. Wa kwangu atatimiza tarehe 9 Aprili 2026. Je, kuanzia siku hiyo sitalipa? (Mwanga, Kigoma)

Utalipa bado, na kwa miezi kadhaa. Kila mtoto wa miaka mitatu na minne anayeishi England hupewa saa 15 za chekechea kwa wiki bila malipo, wa mgeni na wa mwenyeji sawa, na kuzitumia hakuvunji sharti la viza linalokataza misaada ya serikali. Saa hizo, hata hivyo, haziji siku ya kuzaliwa. Huanza mwanzo wa muhula unaofuata: aliyetimiza miaka mitatu kati ya Januari na tarehe 31 Machi huanza Aprili, aliyetimiza kati ya tarehe 1 Aprili na mwisho wa Agosti huanza Septemba, na wa Septemba hadi Desemba huanza Januari. Mwanao angezaliwa siku kumi mapema, angeanza Aprili. Sasa atasubiri hadi Septemba 2026.

Neno la pili linalowaponza wazazi ni «kwa wiki». Saa hizo hutolewa kwa wiki 38 za mwaka wa shule, jumla saa 570, wakati mwanafunzi wa uzamivu hana likizo ndefu za shule. Tuseme unahitaji saa 25 kwa wiki, kwa wiki 48, na kituo kinatoza pauni 7 kwa saa (bei hii naichukua kwa mfano tu, uliza ya mji wako). Mahitaji yako ya mwaka ni saa 1,200, ambazo bila msaada ni pauni 8,400. Ukiondoa saa 570 unabakiwa na saa 630, yaani pauni 4,410. Sasa tazama zinavyoangukia: wiki za muhula utalipa pauni 70, na wiki za likizo utalipa pauni 175. Nimeona wazazi waliopanga bajeti kwa bili ya Oktoba wakapigwa na bili ya Agosti. Ndiyo maana nakusihi uulize kituo kama kinakubali kuzitandaza saa 570 mwaka mzima. Kwa wiki 48 zitakuwa karibu saa 12 kila wiki, jumla ya malipo ni ile ile, lakini kila mwezi utajua unadaiwa nini.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua baadaye sana, na bado linaniuma. Tangu mwaka 2022 familia zenye viza zinazokataza misaada zinaweza kuomba saa 15 hizo kwa mtoto wa miaka miwili, kama kipato chao ni kidogo. Kwa familia ya mtoto mmoja nje ya London kikomo kilikuwa pauni 26,500 kwa mwaka, na akiba isizidi pauni 16,000. Familia nyingi zinazoishi kwa posho ya uzamivu zimo humo. Ombi hupelekwa halmashauri ya mji unaoishi, na likikubaliwa mtoto hupata saa zake tangu muhula unaofuata siku aliyotimiza miaka miwili, hivyo lile pengo la Aprili hadi Septemba halikuhusu tena. Likataliwe au likubaliwe, liandike wiki ya kwanza ukifika.

Saa 30 unazozisikia ni za wazazi wafanyakazi na hazitolewi pale ambapo wazazi wote wawili wana viza ya namna yenu. Posho ya watoto, ile inayoingia benki kila wiki nne, ni msaada wa serikali, usiiguse. Na ukiona kwenye bili ya saa za bure malipo ya chakula au nepi, uliza kama unaweza kubeba vya kwako, maana malipo hayo hayapaswi kuwa sharti la kupewa nafasi.

Kituo kimoja kinatoa asubuhi tano, kingine siku mbili nzima. Kipi kinamfaa mtu wa maabara? (Ipuli, Tabora)

Siku mbili, kama mtoto anaweza kuzimudu. Nilianza na asubuhi tano, katika darasa la chekechea lililokuwa ndani ya shule, saa 3 hadi saa 6 mchana. Kutoka kwenye lango lile hadi chuoni palikuwa na mwendo wa dakika 25. Nikimvua mtoto koti, nikimtundikia mkoba kwenye kigingi chenye picha ya bata na kumwachia kitenge chake cha kulalia, nilikuwa nimebakiwa na saa mbili na dakika kumi za kazi kabla ya kuanza kurudi, mradi asilie. Kwa wiki ni saa 10 na dakika 50. Siku mbili za saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni ni saa 15 zile zile, lakini mwendo unaupoteza mara mbili badala ya tano, na kazi inakuwa saa 13 na dakika 20. Zaidi ya hapo, jaribio linalohitaji saa nne halikatiki katikati.

Utaratibu unaruhusu hadi saa 10 kwa siku, ila kituo ndicho kinachoamua kitatoa siku zipi. Kwa hiyo chukua kwanza siku za kituo, kisha mwandikie msimamizi wako kabla ya muhula kuanza, ukimtajia siku hizo na kumwomba vikao viangukie humo. Wasimamizi wengi hukubali wakiombwa mapema, na huudhika wakiambiwa asubuhi ya kikao. Waulize pia kituo kuhusu malipo ya kuchelewa kumchukua mtoto, na kama siku ya homa inalipiwa. Kwa kawaida inalipiwa.

Mke wangu anaanza masomo Septemba 2026, na kijana wetu alizaliwa Julai 2022. Tutamwandikishaje shule tukiwa bado Kigoma? (Gungu, Kigoma)

Kaka, mwanao ataingia darasa la kwanza kabisa la shule ya msingi, wanaloliita Risepsheni, Septemba hiyo hiyo, kwa sababu atakuwa ametimiza miaka minne. Mwisho wa maombi ya nafasi hizo ni tarehe 15 Januari, na majibu hutoka tarehe 16 Aprili. Ninyi hamtakuwa na anwani ya kule wakati huo, na bila anwani halmashauri nyingi hazitawapa nafasi. Mtaomba kwa kuchelewa, nafasi zikiwa zimeshagawiwa.

Kwetu mwalimu mkuu anaweza kuongeza mtoto kwenye dawati. Kule sheria inazuia madarasa ya watoto wadogo kuzidi wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo shule ikisema imejaa, imejaa kweli. Kabla ya kulipia nyumba, iandikieni halmashauri mwulize shule zipi zina nafasi katika darasa la mwanao, kisha tafuteni nyumba karibu na mojawapo. Mkipewa shule ya mbali, ipokeeni, na muombe jina libaki kwenye orodha ya kusubiri ya ile ya karibu, kwa kuwa familia huhama na nafasi hufunguka. Wa Julai hana lazima ya kisheria ya kuwa darasani hadi Septemba 2027, lakini msimcheleweshe kwa sababu hiyo, kwani akingoja anaweza kuingizwa moja kwa moja darasa linalofuata.

Shule ya serikali ni bure, na chakula cha mchana ni bure kwa madarasa matatu ya mwanzo. Hutoka kama saa 9 alasiri. Muda baada ya hapo ni wa kulipia.

Mama yangu wa Kasulu anaweza kuja kunilelea? Kuna pia dada Mtanzania, jirani wa chuo, anayelea watoto kwake kwa bei ndogo. (Kasulu, Kigoma)

Bibi anaweza kuja kwa viza ya matembezi na kukusaidia na mjukuu, mradi ni ziara ya muda mfupi na halipwi kama mfanyakazi. Viza hiyo huishia miezi sita, na akienda na kurudi mfululizo ataonekana anahamia. Ningekuwa wewe ningemwita Julai na Agosti, pale saa za bure zinapokatika, na barua ya mwaliko ningeiandika kwa ukweli huo huo.

Kwa jirani, tahadhari. Anayelea mtoto wa mtu mwingine nyumbani kwake kwa malipo, zaidi ya saa mbili kwa siku, sharti asajiliwe na Ofsted, mamlaka inayokagua shule na malezi ya watoto, au na wakala wa walezi, na akiwa na viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri hata kidogo. Ukimpa fedha unamtia hatarini yeye na viza yake. Mlezi aliyesajiliwa ana cheti, mwombe akuonyeshe, na wengi wao hupokea zile saa 15 kama chekechea.